Kioo cha dirisha: kinatiririka ao ni kigumu?

Wenzangu, juzi nilikuwa Muhumba na mwenzangu wa promosheni, tukisaidia mjomba wake kubadilisha madirisha ya nyumba iliyojengwa wakati wa Wabelgiji. Nikitazama ziwa kupitia kioo cha zamani, naona miti inajipinda kama iko ndani ya maji.

«Unaona?» akasema. «Kioo ni maji mazito. Miaka 70 kinashuka polepole, njo maana chini kimekuwa kinene.»

«Hapana, ndugu. Ni kitu kigumu.»

«Kigumu namna gani? Chembe zake ziko ovyo kama za maji! Na hakina digrii moja ya kuyeyuka kama barafu, kinalegea tu.»

Hapo alikuwa na haki. Ndani ya chumvi chembe zimejipanga mistari, ndani ya kioo hapana. Kioo kikipoa kutoka motoni, karibu na digrii 550 chembe zinakwama kabla hazijajipanga. Lakini zimekwama kweli. Fikiria karameli: ikipoa haina mpangilio ndani, na bado unaivunja kwa meno. Kigumu cha namna hiyo kinaitwa amofu.

«Na ule unene?»

Tukapima. Nilikuwa nimetia alama ya chaki upande wa juu wa kila kioo mbele fundi hajaking'oa, kama sivyo ubishi usingeisha. Cha kwanza: chini milimita 3.1, juu 2.8. Akacheka kwa ushindi. Cha pili: juu 3.0, chini 2.8. Cha tatu kilikuwa kinene upande wa kushoto.

«Hiki kilitiririka kwenda kwa jirani?» nikamuuliza.

Mawimbi yale yalitoka kiwandani. Mbelgiji Émile Fourcault alitengeneza njia ya kuvuta kioo cha moto kwenda juu, kama kitambaa, kupitia ufa mwembamba. Kikitoka kilikuwa na mistari na unene usio sawa. Njia ya kukimwaga juu ya bati iliyoyeyuka, inayotoa kioo laini cha leo, kampuni Pilkington iliitangaza 1959 tu.

Mwendo wenyewe umehesabiwa. Mu 2017 watafiti walitumia kioo chenye mchanganyiko kama wa kanisa la Westminster, kule London. Walipata kwamba mu miaka bilioni moja kingesogea kama nanomita 1, yaani sehemu moja ya milioni ya milimita. Tofauti yetu ya milimita 0.3 ni nanomita 300 000. Dunia yenyewe ina miaka bilioni 4.5.

Akanyamaza, halafu: «Basi mbona makanisani Ulaya wanasema vingi ni vinene chini?»

Fundi, aliyekuwa anakanda mastiki, akajibu bila kuinua kichwa: «Mimi pia upande mzito naweka chini. Kinakaa vizuri.»