Kurasa zetu za zamani zimepotelea wapi?

Tulipofungua tovuti yetu kwa sura mpya, siku ya kwanza tulipokea pongezi na siku ya pili malalamiko. Mwalimu mmoja wa shule ya Jumapili alituandikia kwamba karatasi ya masomo tuliyowagawia zamani ina anwani ya ukurasa pale chini. Aliiandika kwenye simu, akatumia mega zake, akapata maneno haya tu: 404, ukurasa haupatikani. Somo lenyewe lilikuwapo. Sisi tulilihamisha bila kumwambia mtu.

Katika tovuti ya zamani kila anwani ilibeba mwaka na mwezi, kama hii ya kwanza. Tukaona ni ndefu, tukaomba fundi aifupishe iwe kama ya pili:

```
/2019/05/somo-la-watoto/
/makala/somo-la-watoto/
```

Kwa macho yetu ni somo lile lile. Lakini kwa seva, yaani kompyuta inayotunza tovuti, ile ya kwanza ni anwani isiyojulikana kabisa, na namba 404 ndiyo jibu lake kwa kitu isichokijua.

Hasara haikuishia kwa mwalimu yule. Mtu anapotafuta kitu, Google hatembelei tovuti zote saa ile. Hutazama orodha aliyokwisha kuandaa. Katika orodha hiyo, sifa ya ukurasa hutoka kwa sehemu kwenye viungo ambavyo tovuti nyingine zimeuwekea, na sifa hiyo imeandikwa kwa jina la anwani ya zamani. Google akirudi na kukuta 404 tena na tena, huifuta anwani ile. Ukurasa mpya nao huanza kama mgeni asiyejulikana na mtu. Ndiyo maana masomo yaliyokuwa yakionekana juu yalianza kushuka.

Dawa yake ni kumwambia seva: anayekuja kwa anwani ya zamani, mpeleke kwenye mpya. Jambo hili linaitwa uelekezaji wa kudumu, na namba yake ni 301. Iko pia 302, inayosema kwamba ukurasa umehama kwa muda tu. Msomaji haoni tofauti, maana zote mbili zinamfikisha. Google anaiona: 301 ni ishara ya nguvu kwamba anwani mpya ndiyo ya kuonyeshwa sasa, na sifa ya ile ya zamani huhamia kwake.

Hatukuhitaji kuandika mstari kwa kila makala. Seva yetu inatumia Apache, na mstari mmoja katika faili la `.htaccess` ulitosha kwa makala zote zilizobaki na jina lake:

```
RedirectMatch 302 ^/20[0-9][0-9]/[0-9][0-9]/([^/]+)/?$ /makala/$1/
```

Maana yake: ukiona mwaka, mwezi, kisha jina, ondoa tarehe na upeleke jina lile chini ya `/makala/`. Mtaona tumeandika 302. Hiyo ni kwa makusudi, kwa sababu simu na kompyuta za wasomaji hukumbuka 301 kwa muda mrefu. Ukikosea, kosa linabaki kwao hata ukisharekebisha. Tulijaribu kwanza, ndipo tukabadilisha iwe 301. Kujaribu ni amri moja, pamoja na anwani kamili ya ukurasa wa zamani:

```
curl -I https://example.org/2019/05/somo-la-watoto/
```

Jibu linapaswa kuonyesha namba ya uelekezaji, na mbele ya neno `Location` anwani mpya. Kisha unaijaribu hiyo mpya nayo. Ni lazima ijibu 200. Hapo ndipo tulipogundua makala chache ambazo fundi alizibadilisha hata jina. Kanuni yetu ilizituma kwenye 404 nyingine. Hizo tuliziandikia mstari mmojammoja, juu ya ule mkubwa.

Kulikuwa na mtu aliyeshauri tupeleke kila kisichopatikana kwenye ukurasa wa mwanzo, tumalize kazi. Tulikataa. Anayetafuta somo la watoto hafaidiki kukuta picha ya mkutano mkuu, na Google mwenyewe huhesabu uelekezaji wa namna hiyo kama 404 iliyofichwa. Tangazo la semina iliyokwisha pita, lisilo na ukurasa wa kulirithi, tumeliacha lijibu 404.

Google hushauri mistari hii ibaki mwaka 1 angalau. Sisi hatutaiondoa, kwa sababu ya zile karatasi: hakuna mtu wa kwenda kuzisahihisha katika kila parokia. Ukiwa nayo moja na anwani yake bado inagoma, ipige picha ututumie, anwani isomeke vizuri hadi herufi ya mwisho.