Mtoko wa Nyumbani Huanzia kwenye Usingizi wa Mchana

Wazazi wenye watoto wadogo wakipanga jioni yao wawili nyumbani, aghalabu huanza na chakula, kisha nguo, kisha muziki. Suala la watoto huachwa mwisho, kwa tumaini kwamba watalala tu. Saa 4 usiku inafika, mdogo bado anaruka kitandani, nyama imepoa, na mzazi mmoja ameshasinzia kwenye kochi. Fedha haina lawama hapo. Kilichoamua ni saa ambayo mtoto aliamka kutoka usingizi wa mchana.

Tuchukue familia ya mfano. Baba na mama wote wana kazi, wamepanga vyumba viwili na sebule Dar es Salaam, na nje kuna kibaraza. Mtoto mkubwa ana miaka mitatu na nusu, mdogo ana mwaka mmoja na nusu. Wametenga shilingi 15,000 kwa jioni nzima, fedha ambayo wangetoka ingeliwa na usafiri na soda kabla hawajaagiza chakula.

Kwanza wachague Jumamosi, si Ijumaa. Ijumaa watu wazima wenyewe wamechoka, na mchana watoto wako mikononi mwa dada wa kazi, bibi au walimu wa chekechea, hivyo mzazi hajui nani alilala saa ngapi. Jumamosi anajua, na anaweza kuingilia.

Kwa nini usingizi wa mchana una uzito kiasi hiki? Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2019 unasema mtoto wa mwaka 1 hadi 2 alale saa 11 hadi 14, na wa miaka 3 hadi 4 saa 10 hadi 13. Hesabu hiyo ni ya siku nzima, mchana ukiwemo. Kwa hiyo akilala sana mchana, usiku unapunguzwa. Zaidi ya hapo, hamu ya usingizi hujengeka polepole kadiri mtu anavyokaa macho. Mtoto wa mwaka mmoja na nusu kwa kawaida huhitaji kama saa tano za kuwa macho kabla hajawa tayari kulala tena usiku. Akiamka saa 9 alasiri, saa 2 usiku atakuwa anapikicha macho. Akiachwa hadi saa 11 jioni kwa sababu nyumba imetulia na kila mtu anafurahia utulivu huo, atakesha hadi saa 4.

Basi mdogo alazwe saa 7 mchana na aamshwe saa 9, kwa upole, kwa kufungua pazia na kumpa maji. Mkubwa, kama ameshaanza kuacha kulala mchana, aachwe acheze. Ila wasimnyime mdogo usingizi kabisa ili achoke zaidi. Mtoto aliyechoka kupita kiasi hulia, hukataa kulala, na akilala huamkaamka. Hesabu hizi pia si za kila mtoto. Watazame siku chache kabla: saa aliyoamka mchana na saa aliyolala usiku zitawaonyesha muda wake halisi.

Dar es Salaam jua huzama kati ya saa 12 na saa 1 jioni mwaka mzima, na giza hilo ni msaada wa bure. Saa 12:30 watoto wale, kisha televisheni na simu zizimwe. Waogeshwe, wapige mswaki, wasikie hadithi moja, taa izimwe. Mpangilio huu uwe uleule wa kila siku. Mtoto akihisi usiku huu una jambo la pekee, hatalala, na nadhani ni haki yake kutaka kujua kinachoendelea.

Anayewalaza awe yule ambaye hakushinda nao. Na akae kwenye kiti au ukingoni mwa kitanda, asijilaze. Mitoko mingi ya nyumbani huishia hapa: mzazi anajinyoosha pembeni ya mtoto, na anaamka saa 9 usiku akiwa bado na nguo za mchana. Wakubaliane kwamba ikipita nusu saa, mwenzake anakuja kumgusa bega.

Mtoto akifumba macho, wangoje kama robo saa au zaidi kidogo. Wanyanyue mkono wake taratibu: ukianguka mlegevu, na pumzi inakwenda sawasawa, amezama. Usingizi mzito wa watoto hukusanyika zaidi mwanzoni mwa usiku, kwa hiyo saa mbili za kwanza ndizo salama kuliko zote. Wakianza saa 2:30, wana hadi kama saa 4:30. Muda huo unatosha, mradi usitumike kupika.

Ndiyo sababu mishkaki inafaa: kazi yake ndefu hufanyika mapema, na hatua ya mwisho ni fupi na haina kelele. Nusu kilo ya nyama ikatwe vipande vidogo asubuhi, ichanganywe na tangawizi, kitunguu saumu, ndimu, chumvi na mafuta kidogo, iwekwe kwenye friji. Papai bichi lililokunwa, kijiko kimoja, liongezwe jioni watoto wakila, si asubuhi. Kimeng'enya chake hulainisha nyama, lakini kikiachiwa siku nzima nyama huwa rojorojo na haikai kwenye kijiti. Vijiti vya mbao vilowekwe maji nusu saa visiungue. Chapati nne zinunuliwe kwa jirani anayepika, na kachumbari ikatwe mapema bila chumvi, isije ikatoa maji. Kutwanga kwenye kinu, kusaga kwa blenda na sufuria ya presha vyote vimepigwa marufuku usiku huo.

Jiko la mkaa liwashwe kibarazani huku mwingine akilaza watoto. Mkaa uko tayari moshi unapoisha na uso wake kuwa wa kijivu, na mishkaki itahitaji kama dakika kumi na mbili za kugeuzwageuzwa. Jiko lisiingizwe ndani hata mvua ikinyesha, hata likionekana limezimika. Mkaa hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na harufu, na ndani kuna watoto waliolala. Kukiwa na mvua, nyama ikaangwe kwenye kikaango juu ya jiko la gesi.

Wakiwa wamekaa, simu zibaki ndani. Ada ya shule, kodi na ratiba ya kliniki zina siku yake. Watu waliozoea kuongea habari za watoto tu wanaweza kukaa kimya mwanzoni, na hapo karata au bao husaidia kuliko filamu, kwa sababu mikono ina kazi na macho yanatazamana. Chai ya tangawizi isiyo na majani inatosha. Kahawa saa 3 usiku italipwa alfajiri mdogo akiamka.

Kuhusu kuamka: waamue mapema nani atakwenda. Mmoja tu, bila kuwasha taa, bila kumtoa mtoto chumbani. Mara nyingi dakika kumi zinatosha. Kama ana homa au meno yanamsumbua, jioni imeishia hapo, na nyama iliyobaki ichomwe usiku huohuo, iliwe kesho.

Saa 4:30 vyombo vilowekwe na kufunikwa kwa sababu ya mende, mkaa umwagiwe maji hadi ukome kuchemka. Kuosha ni kwa asubuhi, na anayeosha ni yule ambaye hakuchoma nyama.