NYANYA ZA KUANIKA: ZIMEKAUKA AU ZIMENYAUKA TU?

Huko Nyakabuye, katika Wilaya ya Rusizi, kusini-magharibi ya Rwanda, kiangazi kirefu huanza mwezi Juni na kuendelea hadi Agosti. Huo ndio wakati wa kuanika nyanya. Hata hivyo, nyanya nyingi huota kuvu baada ya kuanuliwa, zikiwa zimekwisha fungiwa chomboni, kwa kuwa zilidhaniwa kavu kumbe zina maji ndani.

Chagua nyanya mbivu zilizo ngumu, hasa zile ndefu zenye nyama nyingi. Zioshe, kisha uzikate vipande vyenye unene wa nusu sentimita, vyote vilingane. Kipande kinene hukauka juu na kubaki na maji moyoni, na humo ndimo kuvu huanzia. Vipange bila kugusana juu ya kichanja cha mianzi kilichoinuliwa, ili hewa ipite juu na chini, kisha uvifunike kwa kitambaa chepesi cha wavu kuzuia nzi. Vigeuze mara mbili kwa siku. Kabla jua halijatua viingize ndani, maana umande wa usiku hurudisha maji yaliyoondolewa mchana.

Je, mama utajuaje kwamba zimekauka? Mizani ya dukani itakusaidia. Tuseme umeanika kilo 10 za vipande. Katika hizo, maji ni kama kilo 9 na gramu 400. Kilichobaki, gramu 600, ndiyo nyanya yenyewe. Zikikauka vema zitakuwa na uzito wa gramu 700 hivi. Ukipima ukapata gramu 900, basi karibu theluthi moja ya uzito huo bado ni maji: zirudishe juani.

Asiye na mizani atumie vidole. Kwanza aache kipande kipoe kivulini, kwa sababu kikiwa na joto huonekana laini kuliko kilivyo. Kikikunjwa kiwe kama ngozi. Kikiraruliwa na kuminywa kisitoe hata tone la maji, wala vipande viwili visigandamane.

Hata hapo usifanye haraka ya kuhifadhi. Jaza chupa ya kioo theluthi mbili, uifunge, na uitikise kila siku kwa muda wa siku 7 hadi 10. Unyevu uliosalia katika kipande kimoja utagawanyika kwa vingine. Ukiona matone ya maji ndani ya kioo, anika tena siku hiyo hiyo.

Lakini ukiona kuvu, iwe nyeupe, kijani au nyeusi, tupa nyanya zote za chupa hiyo. Kuondoa kipande kilichooza pekee hakufai, kwani kuvu huenea pasipoonekana, na baadhi ya sumu zake haziishi kwa kuchemshwa. Zilizo salama zifunge vizuri na uziweke mahali penye giza na ubaridi.