Barua ya kibodi nane: jinsi ya kumwomba mkuu wa shule vifaa vilivyotumika

Katika chumba cha kompyuta cha shule, kibodi ndiyo huchakaa mapema. Skrini haiguswi na mashine yenyewe imekaa chini ya meza, lakini kibodi hupigwa na kila mkondo unaoingia, hula vumbi na wakati mwingine humwagikiwa maji. Mwanafunzi anayejifunza kujumlisha safu kwenye Excel anatakiwa aandike `=SUM(B2:B9)`. Mabano na nukta mbili haviandikiki bila kubonyeza Shift. Shift zote mbili zikifa, kipindi kimeharibika hata kama herufi zote zinaandika vizuri.

Mwalimu wa kompyuta hulijua hilo, naye mkuu wa shule hahitaji kuelezwa sana. Kinachomfanya asite kusaini ni neno “zilizotumika”. Anaogopa kuuziwa mbuzi kwenye gunia, kisha mkaguzi aje aulize kwa nini fedha za shule zimenunua mtumba uliokufa baada ya mwezi. Barua nzuri hujibu hofu hiyo kabla haijatamkwa, na majibu yake hayapatikani mezani pa kuandikia. Yanapatikana kwa kukagua kibodi moja moja.

Tuchukue mfano wa shule yenye kompyuta 20, ambako wanafunzi wanalalamikia kibodi 11. Mwalimu anayekimbilia kuomba kibodi 11 atakuwa ameomba nyingi kuliko anazohitaji. Kwanza achukue kila kibodi inayolalamikiwa aichomeke kwenye kompyuta nyingine iliyo nzima. Ikiandika vizuri huko, ugonjwa uko kwenye tundu la kompyuta ya kwanza. Kwa zile za zamani zenye plagi ya duara ya zambarau, yaani PS/2, kompyuta izimwe kabla ya kuchomeka. Ukichomeka ikiwa inawaka, huenda isiitambue kibodi mpaka iwashwe upya, nawe ukaitupa kibodi nzima. Angalia pia vipini vilivyomo ndani ya plagi, maana hupinda kwa urahisi.

Hatua ya pili ni kufungua Notepad na kubonyeza kila kitufe, mstari kwa mstari. Hapa inafaa kujua kilichomo ndani. Chini ya vitufe vya kibodi nyingi za kawaida kuna karatasi tatu za plastiki. Ya juu na ya chini zimechorwa njia nyembamba za umeme, na ya katikati ina matundu. Ukibonyeza kitufe, njia ya juu hugusana na ya chini kupitia tundu, na kompyuta hupata habari. Vitufe kadhaa hutumia njia moja. Kwa hiyo kitufe kimoja kikigoma au kikinata, mara nyingi ni uchafu: ng'oa kofia yake taratibu, safisha, rudisha. Lakini vitufe vinne au vitano vikifa pamoja, njia imekatika au imeliwa na kutu baada ya kumwagikiwa. Hiyo kuisafisha ni kupoteza muda.

Katika shule yetu ya mfano, ukaguzi unaonyesha kwamba kibodi 2 ni nzima na tatizo ni matundu, 3 zimepona kwa kusafishwa, na 6 zimekufa. Mwalimu anaongeza 2 za akiba, kwa kuwa kibodi zilizotumika hazina maisha marefu kama mpya. Ombi linashuka kutoka 11 hadi 8. Mkuu wa shule akiona jinsi lilivyoshuka, anajua kwamba anayeomba amehesabu.

Sasa barua. Juu kulia ikae anwani ya shule na tarehe, na kushoto cheo cha mwandikiwa. Kama utaratibu wa shule ni kupitia kwa makamu, aandikwe hapo. Kiini chake kinaweza kuwa hivi:

“YAH: MAOMBI YA KUNUNUA KIBODI 8 ZILIZOTUMIKA KWA AJILI YA CHUMBA CHA KOMPYUTA

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Nimekagua kibodi 11 zilizolalamikiwa. Mbili ni nzima, tatu zimetengenezwa bila gharama, na sita haziwezi kutengenezwa. Orodha ya kasoro za kila moja imeambatishwa.

Naomba kibali cha kununua kibodi 8 zilizotumika, zenye plagi ya USB, ambazo 2 kati yake zitakuwa akiba. Bei ni shilingi 7,000 kila moja, jumla shilingi 56,000. Pamoja na nauli ya shilingi 4,000, gharama yote ni shilingi 60,000. Kibodi mpya 8 kwa bei ya shilingi 18,000 pamoja na nauli hiyo zingegharimu shilingi 148,000.

Nitajaribu kila kibodi dukani kabla ya kulipa. Muuzaji amekubali kubadilisha itakayoharibika ndani ya siku 7, na atatoa risiti. Kibodi sita mbovu zitabaki stoo mpaka utakapotoa maelekezo.”

Bei hizo ni za mfano. Za kweli zitoke kwenye ankara ya bei ya muuzaji, na ikiwezekana ziwe ankara mbili. Aya ya mwisho ndiyo inayobeba uzito. Inataja nani atapima, nini kitafanyika kifaa kikifa, na mali ya shule iliyoharibika itakuwa wapi. Kibodi mbovu bado imo kwenye leja ya mali, na mwalimu hana ruhusa ya kuitupa jalalani kwa uamuzi wake. Kuhusu risiti, kwa Tanzania iwe ya mashine ya EFD. Muuzaji wa barabarani asiye nayo atamwacha mhasibu bila kiambatisho hata kama bei yake ni nzuri. Katika shule ya serikali, muulize mhasibu mapema ununuzi utapitia utaratibu gani, ili barua isirudishwe kwa sababu hiyo tu.

Dukani, kabla ya kubonyeza chochote, soma herufi za mstari wa juu. Kibodi zilizotumika hutoka nchi mbalimbali. Zikianza AZERTY, ilitengenezwa kwa watumiaji wa Ufaransa au Ubelgiji. Zikianza QWERTZ, ni ya Ujerumani au majirani zake. Mwanafunzi anayefundishwa kwa QWERTY atapotea hapo. Tofauti ya Uingereza na Marekani ni ndogo lakini inasumbua: kwenye ya Marekani, Shift na 2 huleta @, ilhali kwenye ya Uingereza alama hizo za kunukuu ndizo zinazokaa hapo. Nunua zote za aina moja, inayolingana na zilizopo darasani. Kisha jaribu kila kitufe kwenye kompyuta ya muuzaji, Shift ya kushoto na ya kulia, huku ukiuchezesha waya karibu na plagi. Ikikatika na kurudi, iache. Herufi zilizofutika kidogo au mguu mmoja uliovunjika si sababu ya kukataa, bali ni sababu ya kupunguziwa bei.

Kuna wakati barua hii haifai kuandikwa. Ikiwa tofauti kati ya mpya na iliyotumika ni shilingi elfu mbili au tatu tu, au muuzaji hataki ujaribu kabla ya kulipa, badilisha kichwa cha habari uombe mpya 6 bila akiba. Kwa bei za mfano wetu hizo ni shilingi 108,000. Orodha ya kasoro haibadiliki, na mkuu wa shule ataamua akiwa na hesabu zote mbili mkononi.