Kasongo: Barua ya mwalimu kwa wazazi yenye tarehe mbili, kwa sababu ya mwezi

Katika shule moja ya msingi mjini Kasongo, jimbo la Maniema, wanafunzi wa mwaka wa tano walirudi nyumbani na karatasi iliyokunjwa ndani ya daftari. Ilikuwa barua ya mwalimu wao kuhusu mapumziko ya Idi ya kumaliza mfungo wa Ramadani. Wazazi waliofungua barua hiyo wakitafuta tarehe ya kufunga masomo walikuta mbili.

"Wazazi wapenzi, jambo kwenu nyote," mwalimu anaandika. "Siku ya mwisho ya masomo kabla ya sikukuu itakuwa Jumanne au Jumatano. Siwezi kuwaandikia moja, kwa sababu Jumanne ni siku ya 29 ya mfungo, na jioni hiyo ndipo mwezi utatafutwa. Ukionekana na kutangazwa, Jumatano ni Idi, na watoto watarudi shuleni Ijumaa. Usipoonekana, Jumatano ni siku ya 30 ya mfungo. Watoto watakuja kama kawaida na kutoka saa 4 na nusu. Idi itakuwa Alhamisi, nasi tutarudi darasani Jumamosi."

Shule hiyo iko chini ya usimamizi wa jumuiya ya Kiislamu, kwa mkataba na Serikali, kama shule nyingine za Kiislamu za Maniema. Walimu na wanafunzi wake si Waislamu wote. Mzazi Mkristo anayesoma barua hiyo anaweza kuuliza swali la haki: Krismasi inajulikana tangu mwanzo wa mwaka wa shule, kwa nini Idi isubiri mpaka usiku wa mwisho?

Jibu la kwanza liko katika kalenda yenyewe. Mwezi wa Kiislamu unaanza pale mwezi mwandamo unapoonekana magharibi baada ya jua kutua. Kutoka mwandamo mmoja hadi mwingine ni siku 29 na nusu hivi, na kwa kuwa hakuna nusu siku katika hesabu ya mfungo, Ramadani inakuwa na siku 29 au 30. Anayejua siku ya kwanza ya mfungo anajua pia jioni ya 29. Asichojua ni kama kutakuwa na siku ya 30.

Jibu la pili ni la Serikali. Idi haimo katika orodha ya sikukuu za taifa nchini Kongo, ambako ofisi na shule zote hufungwa. Kwa hiyo kalenda ya wizara ya elimu haimpi mwalimu tarehe ya kunakili. Kila shule inayosherehekea inajipangia yenyewe, kwa idhini ya wasimamizi wake, na inatafuta namna ya kufidia saa za masomo zilizopotea.

Kwa Idi ya kuchinja hakuna tatizo hili. Sikukuu hiyo iko tarehe 10 ya mfungo tatu. Mwezi ukishatangazwa, zinabaki siku tisa au kumi, na mwalimu anaweza kuandika barua yenye tarehe moja bila wasiwasi. Idi ya mfungo iko tarehe 1 ya mfungo mosi: mwezi unaonekana leo jioni, sikukuu ni kesho asubuhi. Kati ya tangazo na kengele ya shule kuna usiku mmoja tu.

Na usiku huo ni mfupi kuliko inavyodhaniwa. Kongo ina saa mbili tofauti. Kasongo inafuata saa ya mashariki, na Kinshasa iko nyuma kwa saa moja. Katikati ya mwezi wa tatu, jua linatua Kasongo karibu saa 12 na dakika 20 jioni. Huko Kinshasa linatua karibu saa 12 na dakika 8 kwa saa yao, maana yake saa 1 na dakika 8 usiku kwa saa ya Kasongo. Makao makuu ya COMICO, Jumuiya ya Kiislamu nchini Kongo, yako Kinshasa, na ndiko tangazo la taifa linakotoka. Basi Kasongo imekwisha kuona giza, watu wamekwisha kufuturu, na Kinshasa bado watu wanaangalia jua linavyotua. Hapo ongeza muda wa kukusanya habari kutoka majimboni, kuhakikisha waliouona mwezi ni watu wa kuaminika, kuandika tangazo na kulituma. Kufika saa 3 usiku bila neno si jambo la ajabu.

Habari ya Saudi Arabia, kwa upande mwingine, inakuja mapema. Jua linatua Maka karibu saa moja kabla ya kutua Kasongo. Mtu mwenye simu anaweza kupata ujumbe wa "kesho ni Idi" wakati jua la Kasongo bado liko juu ya miti. Ujumbe huo unaweza kuwa wa kweli kabisa, lakini ni wa Saudi Arabia. Ukizunguka katika vikundi vya WhatsApp, jina la nchi linapotea njiani.

Tofauti hiyo si ya kuwaza tu. Jumamosi tarehe 29 mwezi wa tatu 2025, mwezi mpya ulizaliwa karibu saa 7 mchana kwa saa ya Kasongo. Kuzaliwa ni ule wakati mwezi unapopita upande wa jua, na hauonekani. Unahitaji muda wa kusogea mbali na jua kabla ya jicho kuupata. Jioni ile, jua lilipotua Kasongo, mwezi ulikuwa na umri wa saa tano na kidogo, nao ulikuwa karibu sana na jua. Mwezi wa umri huo hauonekani kwa macho, hata mbingu ikiwa safi. Hata hivyo Saudi Arabia ilitangaza Idi Jumapili tarehe 30. Tanzania, ng'ambo ya ziwa, ilisherehekea Jumatatu tarehe 31. Mzazi wa Maniema mwenye ndugu Jeddah na mwingine Kigoma alipata salamu za Idi siku mbili mfululizo.

Kwa mwalimu, tofauti ya mwaka ule ingekuwa na uzito mdogo au mkubwa kulingana na tangazo analofuata. Idi ya Jumapili haiondoi siku ya masomo. Idi ya Jumatatu inaiondoa. Aliyesoma ujumbe wa nchi nyingine angeweza kumleta mtoto shuleni siku ya sikukuu ya jirani zake wote, au kumwacha nyumbani siku ya masomo.

Je, hesabu ya wanafalaki haiwezi kumaliza jambo hili? Inasaidia upande mmoja. Tarehe 8 mwezi wa nne 2024 jua lilipatwa kabisa Amerika ya Kaskazini. Kupatwa kwa jua hutokea mwezi unapozaliwa, nao ulizaliwa karibu saa 2 na dakika 20 usiku kwa saa ya Kasongo, jua likiwa limekwisha kutua. Kwa hiyo ilijulikana mbele kabisa kwamba jioni ile hakuna mtu Kongo atakayeuona mwezi, na Idi ya Jumanne haiwezekani kwa anayefuata macho. Saudi Arabia na Tanzania zote zilisherehekea Jumatano tarehe 10. Mwaka kama huo mwalimu anaweza kuwadokeza wazazi siku iliyo karibu zaidi na ukweli.

Lakini hesabu inasema mwezi uko wapi. Haisemi kama wingu la mvua litakaa mbele yake. Mwezi wa tatu na wa nne ni majira ya mvua Maniema, na mawingu ya jioni yanaweza kufunika upande wa magharibi kwa dakika zile chache zinazohitajika. Tena hesabu haitangazi Idi. Anayetangaza ni kiongozi wa dini, na mwalimu hana mamlaka ya kumtangulia, hata akiwa na hakika.

Ndiyo maana sehemu muhimu ya barua ya Kasongo ni ile inayokuja baada ya tarehe mbili. Mwalimu anaeleza mzazi afanye nini kama hakusikia kitu:

"Tangazo tunalolifuata ni la COMICO, likisomwa redioni au msikitini. Ujumbe wa simu peke yake hautoshi. Ikifika saa 3 usiku Jumanne na hakuna tangazo, mhesabu kwamba Jumatano ni masomo. Kama tangazo litakuja usiku sana, mtoto atakayefika asubuhi atapokelewa na mwalimu wa zamu na kurudishwa nyumbani. Hataandikwa kosa yeye wala aliyebaki."

Kanuni hiyo ya "kimya maana yake masomo" inaweza kuonekana kali, lakini imepimwa. Mtoto anayekuja bure asubuhi ya Idi anapoteza mwendo wa kwenda na kurudi, na bado anaiwahi sherehe. Familia inayoamini habari ya uongo inapoteza siku ya masomo, na zaidi ya hapo inakula mchana wa Ramadani, siku ambayo italazimika kuilipa baadaye. Kati ya makosa mawili, mwalimu amechagua lililo jepesi.

Barua inaongeza njia ya kuupima ujumbe wa simu: uangaliwe jina la aliyetangaza, nchi inayotajwa, na kama siku inalingana na tarehe. Jambo hilo la mwisho linakamata habari nyingi za zamani. Tangazo la mwaka uliopita likitumwa tena, tarehe yake haiwezi kuwa sahihi, kwa sababu Idi inarudi nyuma siku 11 hivi kila mwaka katika kalenda ya kawaida.

Kuna jambo moja dogo ambalo wazazi wengi wanaweza kulipita bila kuliona. Jaribio la hesabu lililokuwa limepangwa Jumatano limesogezwa mpaka Jumatatu ya juma linalofuata. Si Jumamosi, kwa sababu siku hiyo watakuwa wametoka mapumzikoni wakati huohuo. Jumatatu iko salama katika tarehe zote mbili, na mwanafunzi Mkristo ambaye hakuwa na sikukuu hapati muda zaidi wa kujiandaa kuliko mwenzake.

Chini ya barua mwalimu ameacha mistari miwili ya kujaza: sahihi ya mzazi, na namba ya simu ya jirani mwenye redio kama nyumbani haipo. Karatasi zinarudishwa darasani kabla ya Jumanne mchana. Watoto ambao nyumba zao hazina redio wala jirani wa namna hiyo, mwalimu amewaandika upande mmoja wa daftari lake, kila mmoja pamoja na jina la mwanafunzi wa mtaa uleule atakayepita kuwapa habari usiku huo.