Kolwezi: Ramani ya 1973 inayozunguka katika tasnifu, ruhusa yake iko wapi?

Tasnifu nyingi za jiolojia zinazoandikwa Kolwezi na Lubumbashi zinafanana katika sura ya kwanza. Kuna ramani ya kipande cha Kolwezi, yaani ule mkusanyiko wa miamba ya Roan yenye shaba na kobalti, iliyolala juu ya miamba ya Kundelungu iliyo michanga kuliko yenyewe. Chini ya ramani kuna maneno machache: kufuatana na François, 1973. Mara nyingi ramani hiyo haikutoka katika kitabu chenyewe. Imetoka katika tasnifu ya mwaka uliopita, nayo ilikopi nyingine, mpaka herufi ndogo hazisomeki tena.

Armand François alikuwa mwanajiolojia wa Gécamines. Kazi yake juu ya ncha ya magharibi ya upinde wa shaba ilichapwa Likasi mwaka 1973, na hadi leo ni vigumu kuandika juu ya migodi ya Kolwezi bila kumtaja. Lakini kumtaja mtu na kuwa na ruhusa ya kuchapa upya mchoro wake ni mambo mawili tofauti. Jina chini ya ramani linakuokoa na shitaka la wizi wa kitaaluma mbele ya juri. Haki ya mtunzi ni swali lingine, na hilo linajibiwa na sheria.

Nchini Kongo sheria hiyo ni Amri-Sheria nambari 86-033 ya tarehe 5 Aprili 1986. Inalinda kazi ya mtunzi maisha yake yote, na miaka 50 baada ya kifo chake. Muda huo ukiisha, kazi inakuwa mali ya umma na hakuna tena mrithi wa kuombwa ruhusa.

Hesabu yenyewe si ngumu. Jules Cornet, Mbelgiji aliyepita Katanga kati ya 1891 na 1893 pamoja na msafara wa Bia na Francqui, na ambaye maandishi yake yaliitangaza shaba ya huku Ulaya, alifariki mwaka 1929. Ongeza 50, unapata 1979. Ubelgiji wanahesabu miaka 70, lakini hata huko muda umekwisha tangu mwisho wa 1999. Kwa hiyo mwanafunzi anayetaka mchoro wa Cornet katika sura ya historia anaweza kuuskani na kuuweka mzima. Ataje tu jina, mwaka na kitabu, maana hilo ni deni la mwanasayansi hata pale sheria haidai kitu.

Sasa fanya hesabu hiyo kwa François. Kitabu ni cha zamani, kimechakaa, maduka hayakiuzi, na wengi wanadhani hiyo inatosha. Haitoshi. Saa ya miaka 50 haianzi siku kitabu kinapochapwa, inaanza mtunzi anapokufa. Makala yake nyingine juu ya upinde huohuo ilitoka mwaka 1987. Ikiwa alikuwa hai wakati huo, ulinzi hauwezi kwisha kabla ya 2037. Tena aliandika kama mtumishi wa kampuni na kampuni ndiyo iliyochapa, kwa hiyo barua ya kuomba ruhusa inapaswa kwenda kwanza Gécamines. Barua ya ukurasa mmoja inatosha: ramani ipi, ukurasa gani, tasnifu ya chuo gani, nakala ngapi, na kama itawekwa pia kwenye intaneti. Jibu lihifadhiwe pamoja na viambatisho vya tasnifu.

Wengine wanajaribu njia ya kuzunguka. Wanaona ramani ya François ndani ya makala mpya yenye leseni huria, tuseme CC BY 4.0, na wanasema: makala hii inaruhusu kila kitu, basi na ramani nimepata. Hapo ndipo wengi wanaponaswa. Leseni ya CC BY inafunika vile tu ambavyo waandishi wa makala walikuwa navyo. Kama chini ya kielelezo wameandika kwamba kimechapwa kwa ruhusa ya mwingine, ruhusa hiyo ilikuwa yao, haikuwa yako. Hata ripoti za USGS, shirika la jiolojia la Marekani, zinaonya hivyo. Kazi za watumishi wa serikali ya Marekani ni mali ya umma kwao, lakini kurasa za mwanzo za ripoti zinasema wazi kwamba ndani yake kunaweza kuwa na vitu vya watu wengine vyenye ulinzi. Kwa hiyo soma maneno ya chini ya kielelezo kabla ya kusoma leseni ya makala.

Vipi kuhusu kuichora upya? Hapa jibu ni zuri kuliko watu wanavyodhani. Ukweli hauna mwenyewe: kwamba mgodi uko hapa, kwamba ufa unapita pale, kwamba mwamba unalala kwa pembe fulani. Kinacholindwa ni mchoro, yaani mistari, alama, na jinsi mtunzi alivyochagua na kupanga. Ukiweka karatasi juu ya ramani na kufuata kila mstari wake, umekopi tu kwa mkono. Ukianza na msingi wako, ukaweka vipimo vyako vya uwanjani, na kutoka kwa François ukachukua tu majina ya tabaka na mipaka unayohitaji, hiyo ni ramani yako, naye anatajwa kama chanzo cha data.

Msingi huo unapatikana bure. Picha za satelaiti ya Sentinel-2, ambazo nukta yake ndogo kabisa ni mita 10 ardhini, zinaonyesha mashimo ya wazi ya Kolwezi vizuri kabisa. Unazifungua katika programu ya QGIS, nayo pia ya bure, na unachora juu yake. Sharti lao ni sentensi moja chini ya picha, pamoja na mwaka wa picha yenyewe:

```
Contains modified Copernicus Sentinel data 2023
```

Kanuni hii ya ukweli na mchoro inasaidia pia wanafunzi wa afya na mazingira. Mwaka 2018 jarida la Nature Sustainability lilitoa utafiti wa Célestin Banza Lubaba Nkulu na wenzake juu ya Kasulo, ile kartie ya Kolwezi ambako watu walichimba kobalti katikati ya nyumba zao. Walikuta kobalti nyingi katika mkojo na damu ya wakaaji, hasa watoto, ukilinganisha na watu wa kartie isiyochimbwa. Kuweza kusoma makala bure hakumaanishi kwamba grafu zake ni huria. Tafuta jina la leseni kwenye ukurasa wenyewe. Kama halipo, chukua namba, chora grafu yako, na utaje chanzo. Ukihitaji grafu yao hasa, bonyeza `Rights and permissions`, eleza kwamba ni ya tasnifu, na utunze karatasi utakayopewa. Kwa tasnifu bei mara nyingi ni sifuri.

Kwa maneno, mambo ni mepesi zaidi. Sheria ya 1986 inaruhusu dondoo fupi kwa sababu ya sayansi au mafundisho, mradi mwandishi na chanzo vitajwe. Lakini ramani nzima ni vigumu kuiita dondoo fupi.

Zibaki herufi mbili zinazosumbua. ND ndani ya leseni inakataza kusambaza kazi iliyobadilishwa, na kugeuza maneno ya kielelezo kutoka Kiingereza kwenda Kifaransa ni kubadilisha. Kiache kilivyo, uweke tafsiri chini yake. NC inakataza biashara. Tasnifu iliyowekwa kwenye maktaba haina shida, lakini baada ya utetezi baadhi ya wahitimu wanapokea barua pepe za wachapaji wanaotaka kuigeuza kuwa kitabu cha kuuza. Siku hiyo kila kielelezo chenye NC kinahitaji ruhusa mpya, na ile ya Gécamines pia, kama barua yako ilisema tasnifu tu.