Ridomil Ikiisha Dukani

Mvua zinapofululiza Ilula, mkoani Iringa, wakulima wa nyanya huanza kukagua majani kwa chini. Wanachotafuta ni madoa yaliyolowa kama yamemwagiwa maji, ambayo baadaye hugeuka kahawia na kuzungukwa na unga mweupe. Hiyo ni bakajani chelewa. Hali ya hewa ikiipendelea, inaweza kuliteketeza shamba zima kwa siku chache, kwa hiyo mkulima hukimbilia duka la pembejeo kununua Ridomil aliyoizoea. Siku nyingine anaambiwa imekwisha, na mzigo haujulikani utafika lini.

Hapo ndipo wengi hukosea. Muuzaji huteremsha pakiti nyingine na kusema, "Hii nayo ni ya ukungu." Husema kweli, ila kweli hiyo haitoshi. Ridomil ni jina la kibiashara tu. Dawa yenyewe, yaani kiambato amilifu, huandikwa kwa herufi ndogo kwenye lebo, mara nyingi chini ya jina kubwa, pamoja na kiasi chake. Kwenye pakiti ya Ridomil Gold MZ 68 WG, mkulima atasoma metalaxyl-M gramu 40 na mancozeb gramu 640 kwa kila kilo. Maneno hayo mawili ndiyo ya kunakili kwenye karatasi, au kupiga picha kwa simu, kabla pakiti ya mwisho haijatupwa.

Viambato hivyo viwili vina kazi tofauti. Mancozeb hukaa juu ya jani na kulikinga lisiambukizwe, lakini haiingii ndani. Metalaxyl-M hupenya, ikasafiri na maji ya mmea kuelekea machipukizi mapya. Kwa sababu hiyo, anayepewa Dithane M-45, ambayo ni mancozeb peke yake, amepata nusu ya alichokuja kukitafuta. Shamba likiwa bado safi, itamsaidia kulikinga. Ugonjwa ukiwa umeshaingia ndani ya majani, ataendelea kupuliza huku madoa yakipanuka, na huenda akahitimisha kwamba ameuziwa dawa bandia.

Sasa tuseme kwenye rafu kuna pakiti imeandikwa 72 WP, na chini yake metalaxyl gramu 80 na mancozeb gramu 640 kwa kilo. Hiyo ndiyo mbadala wa karibu, na zipo chapa kadhaa za namna hiyo, Victory 72 ikiwa mojawapo. Mnunuzi makini ataona mambo mawili: herufi M haipo, na 40 imekuwa 80. Je, hii ina nguvu maradufu?

Hapana. Metalaxyl ya kawaida ni mchanganyiko wa molekuli za maumbo mawili yanayofanana kama mkono wa kulia na wa kushoto. Umbo moja tu ndilo linaloukabili ugonjwa vilivyo. Jingine hufanya kazi kidogo sana. Watengenezaji walipofanikiwa kulitoa lile lenye kazi karibu peke yake, waliliita metalaxyl-M, na gramu 40 zake zikatosha mahali pa gramu 80 za mchanganyiko. Mkulima anayedhani 80 ni kali zaidi akapunguza kipimo nusu, atakuwa amepunguza viambato vyote viwili nusu, mancozeb ikiwemo. Kupuliza dawa hafifu namna hiyo ni kuwaacha hai vimelea vilivyo sugu, na bakajani ina historia ya kuizoea metalaxyl katika nchi nyingi.

Namba 72 nayo isimdanganye mtu. Ni jumla tu ya asilimia 8 na asilimia 64. Iko dawa nyingine ya bakajani yenye cymoxanil asilimia 8 na mancozeb asilimia 64, na jumla yake ni 72 ileile. Inafaa kwa ugonjwa huohuo, lakini cymoxanil haidumu ndani ya mmea kama metalaxyl, hivyo ratiba ya kupuliza haiwi ile ile. Anayesoma namba ya mbele peke yake hawezi kujua ameshika ipi.

Herufi zinazofuata namba huonyesha umbo la dawa. WG ni chembechembe na WP ni unga. Unga huo unapaswa kukorogwa kwanza na maji kidogo hadi uwe uji laini, kisha uchujwe ndipo umiminwe kwenye bomba, la sivyo huziba pua ya kupulizia. EC ni dawa ya maji inayogeuka nyeupe kama maziwa inapoingia majini. Ikikataa kugeuka, au ikielea kama mafuta, isipulizwe.

Katika dawa za wadudu, hatari kubwa huwa kwenye kiasi. Karate 5 EC ina lambda-cyhalothrin gramu 50 kwa lita. Duduthrin 1.75 EC, inayojulikana sana Kenya, ina kiambato hichohicho, ila gramu 17.5 kwa lita. Kifuniko kimoja cha ya kwanza kina dawa karibu sawa na vifuniko vitatu vya ya pili. Aliyezoea ile nyepesi akaendelea na vifuniko vyake vilevile baada ya kubadilisha chupa, ataweka karibu mara tatu. Kwa hiyo kipimo hakihamishwi na mazoea: kinasomwa upya kwenye lebo ya dawa mpya, pamoja na jina la zao na siku za kusubiri kabla ya kuvuna. Dawa yenye kiambato kilekile lakini iliyosajiliwa kwa pamba pekee si ya kupuliza nyanya za sokoni.

Usajili nao huangaliwa. Tanzania, viuatilifu husajiliwa na TPHPA; Kenya ni PCPB, na namba za usajili za huko huanza na PCPB(CR). Mamlaka hizi huweka orodha za dawa zilizosajiliwa zikionyesha jina la biashara na kiambato. Mkulima au afisa ugani akitafuta neno "metalaxyl" katika orodha hiyo, hupata majina ya chapa ambazo pengine duka la mji wa jirani linazo.

Kwa mbolea hesabu ni nyepesi zaidi, kwa kuwa namba kwenye mfuko ndizo viambato vyenyewe. DAP ni 18-46-0. Mfuko wa kilo 50 una kilo 9 za naitrojeni na kilo 23 za fosfeti. DAP ikikosekana, mfuko mmoja wa TSP, ambayo ni 0-46-0, hutoa kilo 23 zilezile za fosfeti. Zinabaki kilo 9 za naitrojeni, na kilo 20 za urea yenye asilimia 46 huzifikisha.

Hesabu imelingana, lakini mashimo ya kupandia yanataka uangalifu. TSP huwekwa shimoni na kufunikwa kwa udongo kabla ya mbegu. Urea ikilala karibu na mbegu hutoa amonia inayounguza mizizi michanga, kwa hiyo huwekwa kando ya mstari, au husubiri miche ichomoze. Wala mbolea hizi mbili zisichanganywe na kuhifadhiwa stoo: zikikaa pamoja hutoa unyevu, zikawa tope linaloganda mfukoni, na asubuhi ya kupanda hazichoteki tena kwa kifuniko cha soda.